Shukrani za Mwenyekiti, kwa Sauti ya Aliyeshindwa

Waulize wakalimani wa Arusha ni hotuba gani wanaiogopa kuliko zote. Mtu wa nje atadhani ni ya bajeti, au ile ya mtaalamu wa nishati ya jotoardhi aliyekuja na michoro 60. Hapana. Hiyo ya bajeti ina kitabu chake, na ya jotoardhi ina msamiati unaoweza kusomwa usiku wa kuamkia mkutano. Inayowatoa jasho ni neno la shukrani.

Sababu yenyewe ni ya kiufundi. Mtu anayejenga hoja huacha dalili njiani: akianza na “ingawa”, mkalimani anajua kuna “lakini” inakuja, na hata akipitwa na neno moja, mwendo wa sentensi utamvusha. Mwenye kushukuru hana mwendo. Ana majina, vyeo, na idadi ya mifuko ya saruji iliyochangwa na kila mwenye jina. Daniel Gile, mtafiti wa Ufaransa ambaye ameandika mengi kuhusu ukalimani, anaeleza kuwa mkalimani aliye kibandani anagawa nguvu zake katika kusikiliza, kukumbuka na kusema kwa wakati uleule, na kwamba majina, tarakimu na orodha ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumwangusha hata pale ambapo sentensi yenyewe ni nyepesi. Jina la mtu halibashiriki. Ama umelisikia, ama hukulisikia.

Hayo yote yalijulikana vizuri kwa mama mmoja wa makamo aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama kidogo cha wakalimani na wafasiri mjini humo. Alikuwa amekaa kibandani nusu ya maisha yake. Alikuwa amewashukuru mawaziri, majaji, mabalozi na kampuni za maji ya kunywa, kwa niaba ya watu wengine, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tena ndiye aliyeandika kijikaratasi cha chama kiitwacho kwa kawaida “kile cha wazungumzaji”, ambacho wanachama huwagawia waandaaji wa mikutano: leteni hotuba kibandani mapema, someni polepole, vueni hedifoni mnapopanda kuzungumza. Nakala zake zilikuwa mezani mlangoni siku ya uchaguzi, karibu na daftari la mahudhurio.

Arusha kuwa na chama cha namna hiyo si ajabu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994, ilifanya kazi hapo hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, na kesi zake zilisikilizwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapo. Mji wenye ofisi za namna hiyo hukusanya wakalimani, na wakalimani wakishakuwa zaidi ya kumi huanza kudai katiba, mhuri na akaunti ya benki.

Wazee wa chama wana hadithi wanayopenda kuwasimulia vijana wanaoingia na Kiswahili chao. Julai 2004, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika huko Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyekuwa anamaliza zamu yake ya uenyekiti wa Umoja huo, alisimama na kuhutubia kwa Kiswahili. Ukumbi ukahangaika, watu wakageuza vitufe vya hedifoni huku na huku wakitafuta tafsiri ambayo haikuwapo. Leo mambo ni tofauti: SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Lakini wazee hawaisimulii hadithi hiyo kwa ajili ya historia. Wanaisimulia ili kuonya kwamba hotuba ya mwenyekiti, awe anaingia au anatoka, ina tabia ya kuwakuta wakalimani hawajajiandaa.

Onyo hilo halikumfikia mwenyekiti wao wenyewe.

Wagombea walikuwa wawili. Mama huyo, na bwana mmoja mtaratibu wa upande wa Kifaransa, mwenye miwani ya kusomea inayokaa kwenye paji la uso muda wote. Kura zilikuwa 19 kwa 16, na moja ikaharibika kwa sababu mpiga kura aliandika majina yote mawili na kuongeza maoni kuhusu chakula cha mchana. Msimamizi wa uchaguzi akatangaza, vigelegele vikapigwa, bwana akampa mama mkono. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama katiba inavyotaka.

Tatizo lilikuwa kibanda. Chama kilikuwa na wageni watatu kutoka Bujumbura, wenzao wa kazi waliokuja kutoa salamu, na kwa heshima yao kilikodi kibanda kimoja cha ukalimani na vipokezi vya masikioni, kwa bei ya kirafiki. Wawili kati ya wageni hao walikisema Kiswahili vizuri kuliko baadhi ya wenyeji. Hilo halikuzuia kitu. Mkalimani akipewa nafasi ya kukaa kitini na kumsikiliza mwenzake akihangaika, haikatai. Wanachama wengi nao walikuwa wamechukua vipokezi, na hakuna hata mmoja aliyevihitaji.

Zamu za kibandani zilipangwa wiki moja kabla, wakalimani wawili wawili, kila mmoja nusu saa kisha anampokeza mwenzake, kwa kuwa papo kwa papo hakuna akili inayodumu zaidi ya hapo bila kuanza kuacha mambo. Orodha ya zamu haikuuliza nani atashinda uchaguzi. Ilisema tu kwamba saa saba mchana, Kiswahili kwenda Kifaransa, ni zamu ya yule bwana wa miwani. Mwenzake alikuwa ametoka kwenda kuangalia nyama imefikia wapi.

Basi bwana aliyetoka kushindwa kwa kura 3 akaingia kibandani, akafunga mlango, akavaa hedifoni, akawasha kipaza sauti. Taa nyekundu ikawaka. Na hapo ndipo baadhi ya wanachama walipokumbuka kanuni ya kwanza ya kazi yao, wakaanza kugongana viwiko.

Mkalimani husema “mimi”. Hasemi “mheshimiwa anasema kwamba amefurahi”, husema “nimefurahi”. Waliofanya kazi kwenye vibanda vya ile Mahakama ya Rwanda wanajua uzito wa kanuni hiyo, maana pale “mimi” ilikuwa ya shahidi asubuhi na ya mshtakiwa mchana, na yote ilipita kwenye koo moja. Katika ukumbi wa chama uzito haukuwapo, ila kanuni ni ileile. Kila ambacho mwenyekiti mpya angekisema kuhusu ushindi wake, mshindani wake angekisema kuhusu ushindi wake.

Mama akapanda jukwaani na karatasi 4 zilizochapwa upande mmoja. Alikuwa amepewa dakika 5.

Angeweza kujiokoa kwa maneno mawili tu. “Itifaki imezingatiwa” ni baraka kubwa kwa watu wa vibandani. Mzungumzaji akiyatamka, vyeo 11 vinalala hapohapo na kazi inaanza. Mama alikuwa amewasifu wengi waliotumia njia hiyo. Lakini kumbe ukiwa wewe ndiye uliyechaguliwa, kila jina linaonekana lina haki ya kusikika. Akaanza na msimamizi wa uchaguzi, akaja kwa wajumbe wa kamati ya uchaguzi kwa majina matatu matatu, wazee waasisi, wajumbe wa kamati tendaji iliyomaliza muda, mwenye ukumbi, fundi mitambo, na kina mama wa jikoni ambao hata hawakuwamo ukumbini.

Akaangalia saa ukutani, akaona dakika 2 zimekwisha na yeye yuko kwa kina mama wa jikoni. Akafanya walifanyalo wazungumzaji wote duniani wakiona muda unawatoroka: hakupunguza maneno, aliongeza kasi.

Hili nalo lina historia yake. Katika kesi za Nuremberg zilizoanza Novemba 1945, ambako ukalimani wa papo kwa papo ulitumika kwa kiwango kikubwa mahakamani kwa lugha nne, wakalimani walipewa taa mbili za kumwashia mzungumzaji. Ya njano ilimwambia apunguze kasi, nyekundu ilimwambia asimame. Kibanda kile cha kukodi hakikuwa na taa ya njano, na hapo mkalimani aliyelemewa hubaki na njia moja tu ya staha, kusema kwenye kipaza sauti chake kwamba mzungumzaji anaombwa kusoma polepole, akiamini kuna anayesikiliza atakayempelekea ujumbe.

Bwana wa miwani alisema hivyo, kwa Kifaransa, mara mbili. Wageni wa Bujumbura walitikisa kichwa kwa huruma, wasisogee. Hakuwa na karatasi ya hotuba mbele yake. Mwandishi wa kijikaratasi cha wazungumzaji hakuwa amepeleka nakala kibandani.

Kwa hiyo bwana akafanya ambacho mtu mzoefu hufanya akizidiwa na majina: akayakusanya. Majina tisa ya kamati yakawa “wajumbe wote wa kamati, kila mmoja kwa nafasi yake”. Kina mama wa jikoni wakawa “wote waliotuandalia siku hii”. Hili si ulaghai. Shule za ukalimani huifundisha njia hiyo, kwa sharti kwamba kinachoachwa si kiini cha ujumbe. Na kiini cha ujumbe wa mama, ukiuchuja, kilikuwa “asanteni”. Matokeo yake ni kwamba hotuba iliyotoka kwenye chaneli ya 2 ilikuwa fupi, tulivu na yenye vituo. Ilikuwa, kwa kweli, hotuba nzuri.

Habari hiyo ilienea ukumbini bila mtu kusema neno. Mjumbe mmoja wa safu ya nyuma alivaa kipokezi chake kwa udadisi. Jirani yake akamwona anatabasamu, naye akavaa. Baada ya muda mfupi nusu ya wanachama walikuwa wameinamisha vichwa wakitafuta chaneli ya 2, wakiwemo wasiojua Kifaransa cha kuomba chumvi.

Mama alipofika kwenye utani wake, ambao alikuwa ameufanyia mazoezi nyumbani mbele ya binti yake, alisema kwamba amewashukuru watu wengi katika maisha yake na hii ni mara ya kwanza analipwa kwa kura. Kimya. Akameza mate. Sekunde kama 3 hivi zikapita, kisha ukumbi ukaangua kicheko. Mkalimani wa papo kwa papo hutembea nyuma ya mzungumzaji kwa sekunde chache, na watu walikuwa wamemsubiri.

Na mama alijua, kwa sababu alisikia. Tangu salamu za wageni alikuwa na kipokezi mfukoni na hedifoni shingoni. Alipokaza waya ili upite chini ya mtandio, kitufe kikajigeuza. Kutoka shingoni mwake, kwa sauti ndogo lakini safi, alikuwa anajisikia mwenyewe akihutubia kwa Kifaransa, kwa sauti ya mwanamume, akiwa mtulivu kuliko alivyo. Kifaransa anakielewa, ingawa hakifanyii kazi. Aliposikia “kila mmoja kwa nafasi yake” alishtuka kidogo, maana hakuwa amesema hivyo, na ni maneno mazuri.

Akaanza kumsubiri. Ni mazoea. Katika ukalimani wa kupokezana, ule wa kusimama jukwaani na daftari, mmoja husema, hunyamaza, mwingine hutafsiri, na mama alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi. Akasema sentensi, akanyamaza ili imalizike shingoni mwake. Bwana naye kibandani akamaliza sentensi, akanyamaza, kwa sababu hakuna mkalimani anayesema kabla mzungumzaji hajasema. Mama alikuwa anasubiri ishara kutoka kwake, yeye anasubiri neno kutoka kwa mama. Ukumbi wa watu 36 wenye taaluma ya kusema ukakaa bila sauti kwa muda ambao katibu aliukadiria, kwenye daftari lake, kuwa “kitambo”.

Alipostuka akajisogeza kwenye kipaza sauti na kuinama ili asome ukurasa wa tatu, na hedifoni zikainama naye. Mluzi uliotokea uliwafanya kunguru wa juu ya bati waondoke. Fundi yeyote wa mitambo angeweza kueleza: kipaza sauti kinapeleka sauti kwenye mtambo, mtambo unaipeleka kibandani na kwenye spika, sauti inarudi kupitia kitu chochote kinachotoa sauti karibu na kipaza sauti, nacho kinaichukua tena na kuipeleka tena, kila mzunguko ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia. Hedifoni zilizofunguliwa hadi mwisho, zikaning’inia sentimita chache kutoka kipaza sauti, zinatosha kabisa. Ndiyo sababu kile kijikaratasi kinasema vueni. Fundi alikimbia kutoka nyuma, akamvua mwenyekiti hedifoni kwa adabu ya mtu anayemvua mgeni koti, na katika pilikapilika hiyo ukurasa wa tatu ukadondoka, ukateleza chini ya jukwaa la mbao na kupotelea huko.

Ukurasa wa tatu ndio uliokuwa na shukrani kwa mshindani.

Bila karatasi na bila Kifaransa shingoni, mama akabaki na ukurasa wa nne, ambao ulikuwa na neno “Mwisho” na jina lake. Hapo ndipo mazoea ya kibandani yalipomvamia kwa nguvu zote. Mkalimani anapolazimika kujitenga na kinachosemwa, kwa mfano mitambo inapokorofisha, husema “mzungumzaji”. Mama akasema, kwa sauti nzito ya kikazi: “Mzungumzaji anaomba radhi kwa hitilafu hiyo.” Kibandani, bwana alisita. Mzungumzaji ni nani? Kama ni mama, kanuni inamtaka aseme “mimi”. Akasema, kwa Kifaransa, “ninaomba radhi kwa hitilafu hiyo”, na wageni wa Bujumbura, ambao walikuwa wameona kila kitu, wakampigia makofi kwa kukubali lawama zisizo zake.

Mtu akiishiwa karatasi jukwaani ana hatari moja kubwa, nayo ni kutoa ahadi. Hotuba ya shukrani ina mwanya unaodai kujazwa na kitu cha kesho, na kama hukukiandika utakibuni. Mama aliukodolea macho ukumbi, akaona kibanda cha kukodi, akasema kwamba chini ya uongozi wake chama kitanunua mitambo yake chenyewe: ile seti ya kubebeka, kipaza sauti kidogo cha mkononi na vipokezi 30, isiyohitaji kibanda, inayotumiwa pia na waongoza watalii. Kitainunua kabla ya mkutano mkuu ujao. Makofi yakawa makubwa. Mhazini, aliyekuwa amesoma taarifa ya fedha saa mbili kabla, hakupiga. Aliandika kitu kwenye kiganja chake cha mkono.

Dakika 14 zilikuwa zimepita. Kwa viwango vya dunia si nyingi. Muammar Gaddafi, Septemba 2009, alipewa robo saa kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na akatumia zaidi ya saa moja na nusu. Magazeti yaliripoti kwamba mkalimani aliyekuja naye alilemewa kabla ya mwisho, ikabidi mkalimani wa Umoja wa Mataifa ashike usukani. Lakini Gaddafi hakuwa na pilau inayopoa.

Mama alikuwa anashuka jukwaani pale mzee mmoja mwasisi aliponyanyua mkono.

“Taarifa, Mwenyekiti!”

“Karibu, mzee.”

“Mwenyekiti, umewashukuru hata wapishi. Mgombea mwenzako hujamtaja.”

Ukumbi ukaguna. Mama akashika kichwa. Kisha, kwa kuwa ni muungwana na kwa kuwa aliona aibu, akarudi kwenye kipaza sauti na kumshukuru mshindani wake kwa mapana na marefu, bila karatasi, polepole, kama kijikaratasi kinavyotaka. Alisema ni mkalimani hodari, mwadilifu, mnyenyekevu, msomi, mwenye sauti ya dhahabu. Alisema kama kura zingepigwa na wateja, angeshinda yeye.

Sasa ukumbi mzima ulikuwa umevaa hedifoni.

Kutoka chaneli ya 2 bwana alisema: “Napenda kumshukuru mshindani wangu.” Akanyamaza kidogo. “Ni mkalimani hodari.” Akakohoa. Kwenye mtambo wa kibandani kuna kitufe cha kukohoa. Ukikibonyeza, sauti inakatika wasikilizaji wasisikie koo lako. Hakukibonyeza. “Mwadilifu,” akasema kwa sauti iliyozidi kushuka. “Kama kura zingepigwa na wateja, angeshinda yeye.” Taa nyekundu ikazimwa.

“Taarifa!” alisema yule mzee.

“Karibu tena, mzee.”

“Mkalimani ameacha sifa tatu. Mnyenyekevu, msomi, na sauti ya dhahabu. Tuliokaa huku tumehesabu.”

Ukafuata mjadala ambao katika chama kingine usingetokea. Wapo walioshikilia kwamba uaminifu kwa mzungumzaji hauna msamaha. Mkalimani hana ruhusa ya kuacha sifa kwa sababu zinamhusu, kama ambavyo hana ruhusa ya kuacha matusi kwa sababu hayampendezi. Wengine walisema ameweka sifa mbili kati ya tano, na orodha inaruhusiwa kufupishwa, yeye mwenyewe alikuwa amefupisha orodha nyingine bila mtu kulalamika. Kijana mmoja alijenga hoja kwamba mkalimani mwenye maslahi katika jambo alipaswa kujitoa kibandani tangu mwanzo, jambo ambalo ni kweli, na ambalo lingekuwa na msaada zaidi dakika 20 kabla. Bwana akafungua mlango wa kibanda, akatoa kichwa, akauliza kama kikao kinamtaka arudie. Kikao kilimtaka. Alirudia, sifa zote tano, kwa Kifaransa, akiangalia dari.

Wakati wa chakula mmoja wa wageni, yule asiyejua Kiswahili, alimwendea bwana huyo na kumpa mkono kwa ushindi wake. Alimsifu hasa kwa moyo wa kumshukuru aliyeshindwa. Bwana alipokea pongezi hizo kwa niaba.

Jambo lingeishia hapo kama chama kisingekuwa na katibu. Katibu huyo ni mtu wa ukalimani wa kupokezana, na mafunzo yake ni kuandika hotuba ya dakika 10 kwa alama na mishale, kisha kuisema yote. Hajazoea kuacha kitu. Katika muhtasari wa mkutano, chini ya agenda namba 9, “Neno la Mwenyekiti Mpya”, aliandika shukrani zote katika mistari miwili, mluzi katika mstari mmoja, na ahadi ya mitambo katika aya kamili, pamoja na idadi ya vipokezi na muda wa mwisho.

Kamati tendaji mpya ilipokaa kwa mara ya kwanza, mhazini alifungua kiganja chake, kwa maana ya karatasi aliyokuwa amenakilia kutoka kiganjani. Swali lake lilikuwa kama maneno ya shukrani ni uamuzi. Mwenyekiti alisema kwa unyenyekevu kwamba alikuwa amepoteza ukurasa. Wakasoma katiba. Matumizi makubwa yanahitaji idhini ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu haukupiga kura juu ya mitambo. Ulipiga makofi tu. Lakini neno la mwenyekiti lilitolewa kabla kikao hakijafungwa, chini ya agenda yenye namba, na wanachama waliokuwapo hawakupinga. Mwenyekiti akauliza kama muhtasari unaweza kurekebishwa. Katibu akajibu kwamba muhtasari hurekebishwa pale ulipoandika kisichosemwa, si pale msemaji anapojuta. Na hata hivyo mwenye mamlaka ya kuurekebisha ni mkutano mkuu ujao, ambako ahadi hiyo itasomwa kwa sauti chini ya “Yatokanayo”. Kwa wageni wa Bujumbura, wakirudi, itasomwa kwa Kifaransa.

Palikuwa na jambo la haraka zaidi, kubadilisha watia saini wa akaunti, kwa kuwa benki haikubali sahihi ya kiongozi mpya bila muhtasari uliosainiwa unaoonyesha alichaguliwa lini na na nani. Huwezi kuipelekea benki nusu ya muhtasari. Kwa hiyo ofisa wa benki alisoma yote, na alipomrudishia mwenyekiti fomu zake alimuuliza, kwa nia njema, kama chama kingependa mkopo wa vifaa.

Kamati ndogo ikaundwa ya kutafuta bei, na bwana wa miwani akawekwa mwenyekiti wake kwa kauli moja. Alileta bei tatu. Mpya kabisa ingemeza ada za mwaka mzima za wanachama wote. Iliyotumika, yenye vipokezi 15, ingewezekana kama chama kingeacha kukodi kibanda kwa mikutano miwili. Ya tatu ilitoka kwa kampuni ya watalii iliyokuwa inauza seti yenye vipokezi 30 kamili, kama ahadi ilivyosema, ila nusu yake vilikuwa vinapokea redio.

Walichagua ile ya vipokezi 15. Kabla ya kufunga kikao, mhazini aliomba kiongezwe kipengele kwenye kijikaratasi cha wazungumzaji, kwamba hotuba yoyote ya mwenyekiti iletwe siku mbili kabla, nakala moja kibandani, nyingine kwake. Mwenyekiti akauliza nakala ya mhazini ni ya nini, yeye hatafsiri.

“Ni ya ukaguzi, Mwenyekiti,” akasema mhazini, na katibu akaandika.